Jinsi ya kujua kama simu yako inaunganisha chaneli za 4G, na kwa nini nyingine haziwezi

Chukua simu mbili, zote zinaandikwa 4G kwenye boksi. Tia laini ileile kwa zamu, kaa kiti kilekile, pima kasi ya intaneti. Moja inakupa Mbps 25, nyingine 60. Mnara haujabadilika, bando halijabadilika. Wengi hapo huilaumu laini, au huambiwa wasubiri mtandao utulie. Mara nyingi jibu limo ndani ya simu yenyewe: moja inashusha data kupitia chaneli moja ya masafa, nyingine inashusha kupitia mbili kwa wakati mmoja.

Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kujua mambo matatu kwa mpangilio: mnara ulio karibu nawe unaunganisha chaneli au hauunganishi, simu yako inaweza au haiwezi, na ukiipata hiyo huduma itakuongezea nini hasa. Huhitaji kifaa chochote zaidi ya simu, bando lenye megabaiti mia chache, na uvumilivu wa robo saa.

Kwanza, jua kinachounganishwa

Kampuni ya simu haipewi masafa kwa kipande kimoja kirefu. Hupewa vipande: kidogo kwenye megahezi 800, kidogo kwenye 1800, pengine kingine kwenye 2100 au 2600. Kila kipande kimo ndani ya bendi yenye namba yake ya kimataifa. Bendi ya 3 ni ile ya 1800, bendi ya 20 ni ya 800, bendi ya 28 ni ya 700. Kule Kenya, Safaricom wanarusha 4G kwenye 800 na 1800. Tanzania nako, Vodacom walichukua masafa ya 700 kwenye mnada wa mwaka 2018 wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, juu ya yale waliyokuwa nayo.

Katika 4G, chaneli moja haiwezi kuzidi upana wa megahezi 20. Hiyo ni sheria ya teknolojia yenyewe, wala si uchoyo wa kampuni. Chaneli ya megahezi 20, ikipokelewa na simu ya kawaida yenye antena mbili za kupokelea, ina ukomo wa takriban Mbps 150. Ikiwa na upana wa 10, ukomo wake ni 75. Kwa hiyo kampuni yenye megahezi 20 kule 1800 na 10 kule 800 ina chaneli mbili zilizosimama kila moja kivyake. Simu ya zamani huchaguliwa moja, nyingine inapita hewani bila kumfaa mwenye simu hiyo.

Kuunganisha chaneli kuliingizwa kwenye viwango vya 4G mwaka 2011, katika toleo lililoitwa LTE-Advanced. Liliruhusu hadi chaneli tano kwa simu moja. Hesabu yetu ya hapo juu inakuwa 150 jumlisha 75, yaani 225. Ni kama tangi linalojazwa na mabomba mawili badala ya moja: maji yanatoka vyanzo viwili, tangi ni lako peke yako.

Jambo la kukumbuka hapa, maana ndilo huwachanganya watu wakati wa kupima, ni kwamba chaneli hizo hazina hadhi sawa. Moja ni chaneli kuu. Simu hujisajili kwake, hupokea maagizo kupitia kwake, na mara nyingi hupakia data kupitia hiyo tu. Nyingine ni ya kusaidia. Mnara huikabidhi simu chaneli ya kusaidia pale tu panapokuwa na mzigo wa kushusha, na mzigo ukiisha huizima baada ya muda mfupi ili simu isimalize chaji bure. Kuiwasha tena huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, hutahisi. Lakini maana yake ni kwamba simu iliyolala mezani haiunganishi chochote, hata kama ni ya bei ya pikipiki.

Pili, angalia uko kwenye bendi gani

Kwenye Android, fungua sehemu ya kupigia simu uandike:

```
*#*#4636#*#*
```

Ukurasa wa majaribio utafunguka wenyewe bila kubonyeza kitufe cha kupiga. Ingia kwenye taarifa za simu. Kwa Samsung ambayo imeufunga ukurasa huo, jaribu `*#0011#`, utaona `Band` na upana wa chaneli ukiandikwa `BW`. iPhone ina wake: andika `*3001#12345#*` kisha upige. Kuna simu, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni fulani ya ng'ambo, zinazokataa namba hizi zote. Hapo pakua programu ya NetMonster kwenye Android, inasoma taarifa hizohizo na kuzipanga vizuri zaidi.

Wakati mwingine huoni namba ya bendi, unaona tarakimu tu iliyoandikwa EARFCN. Hiyo ni namba ya chaneli yenyewe, na inakueleza mengi hata kuliko bendi. Kwa bendi ya 3 na ya 20, hesabu yake ni hii:

```
Band 3:  MHz = 1805 + 0.1 × (EARFCN − 1200)
Band 20: MHz = 791 + 0.1 × (EARFCN − 6150)
```

Ukiona 1300, uko megahezi 1815, yaani bendi ya 3. Ukiona 6300, uko 806, bendi ya 20. Ukisogea kutoka barazani hadi chumba cha ndani na namba ikaruka kutoka 1300 kwenda 6300, simu imeiacha 1800 kwa sababu kuta zimeimeza, ikahamia 800 ambayo hupenya vizuri zaidi. Hapo umeshajua kwamba mnara wako una chaneli mbili angalau. Ukiona namba moja tu kila unapogeuka, nyumbani, dukani, stendi, basi huenda eneo hilo lina chaneli moja tu ya 4G, na hakuna simu duniani itakayokuunganishia kisichokuwepo.

Tatu, ilazimishe ifanye kazi ukiitazama

Gawa skrini mara mbili: juu ukurasa wa majaribio, chini kivinjari. Anza kupakua faili kubwa, au endesha kipimo cha kasi mara mbili mfululizo. Sasa tazama juu, kwenye mstari wa mpangilio wa chaneli. Simu isiyounganisha itaonyesha neno `PrimaryServing` mara moja tu. Inayounganisha itaonyesha `PrimaryServing`, halafu `SecondaryServing`, na kila moja ikifuatwa na upana wake kwa kilohezi. Ukisoma 20000 kwenye ya kwanza na 10000 kwenye ya pili, basi ndiyo ile megahezi 20 na 10 tuliyopigia hesabu. Faili likiisha, subiri kidogo, `SecondaryServing` itatoweka.

Usiitegemee alama ya 4G+ iliyo juu ya skrini. Simu nyingine huiweka pale mnara unapotangaza tu kwamba una uwezo huo, nyingine huiweka chaneli ya pili ikishawashwa, na nyingine haziiweki kabisa kwa sababu kampuni ya simu haikuomba iwekwe. Nimeona watu wakinunua simu kwa kuitazama alama hiyo dukani. Ni bora kutazama mstari wa chaneli.

Ukiwa umeona chaneli mbili, zima intaneti, iwashe, rudia. Kisha rudia saa nne usiku na alfajiri. Utaona idadi ya chaneli haibadiliki lakini kasi inabadilika sana, na sababu yake nitaieleza huko mwisho.

Nne, usipoiona chaneli ya pili, tafuta kosa liko wapi

Jaribio la haki ni moja: toa laini yako, itie kwenye simu nyingine ambayo una hakika inaunganisha kwenye mtandao huohuo, kaa palepale, pakua faili lilelile. Ikionyesha `SecondaryServing`, mnara hauna tatizo na laini haina tatizo. Imebaki simu yako. Isipoonyesha, shida iko mnarani: ama una chaneli moja, ama kampuni haijawasha huduma hiyo hapo, ama chaneli ya pili haikufikii mahali ulipo.

Kabla ya kuihukumu simu, ondoa vizuizi viwili vidogo. Mabando ya mwezi yanayouzwa kama hayana kikomo mara nyingi yamefungiwa kasi, tuseme Mbps 10. Hapo hata ukiunganisha chaneli tano utabaki kwenye 10. Tena, zipo simu ambazo hali ya kuokoa betri hupunguza shughuli za redio. Izime wakati wa kupima.

Kwa nini simu moja inaweza na jirani yake haiwezi

Sababu ziko tatu, nami nitaishughulikia kwa marefu ile ya pili kwa sababu ndiyo inayofichwa na matangazo.

Ya kwanza ni modemu, yaani chipu inayotafsiri mawimbi. Kila modemu ya 4G ina daraja lake. Daraja la 4 hukomea Mbps 150, la 6 hufika 300 kwa chaneli mbili za megahezi 20, la 9 hufika 450 kwa tatu. iPhone 5s haikuunganisha kabisa. iPhone 6 iliyotoka 2014 iliunganisha, lakini ukomo wake ni 150. Ukiipeleka kwenye mnara ambao chaneli ya 1800 peke yake ina upana wa 20, ukomo huo umeshajaa kwa chaneli moja. iPhone 6s, mwaka mmoja baadaye, ilipanda hadi 300. Kwa macho ya mnunuzi ni simu mbili zinazofanana kama pacha.

Ya pili ni sehemu ya mbele ya redio: antena, vikuza mawimbi, na zaidi ya yote vichujio. Simu ya 4G ya kawaida inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Inatuma kwa nguvu inayoweza kuzidi ile inayoipokea hata mara trilioni moja, na antena ni hizohizo. Kinachozuia mngurumo wa kutuma usimeze mnong'ono wa kupokea ni kichujio kidogo kuliko punje ya mchele, kilichokatwa kwa ajili ya bendi moja mahususi. Ukiongeza chaneli ya pili, kichujio cha bendi moja hakitoshi. Unahitaji vichujio vya bendi zote mbili vikae kwenye njia moja bila kuibiana mawimbi.

Kwa bendi ya 3 na ya 20 kazi ni nafuu. 1800 na 800 ziko mbali, kigawanyi rahisi kinatosha kuzitenga, ndiyo maana hata simu za bei ya kati huziunganisha. Bendi ya 1 na ya 3, yaani 2100 na 1800, ni jirani. Hapo panahitajika kichujio cha njia nne kilichotengenezwa kama kipande kimoja, nacho ni ghali. Mtengenezaji wa simu ya bei nafuu anaweza kukuwekea bendi zote mbili, ukazitumia moja moja, na bado akaacha kuziunganisha ili kuokoa dola chache. Kwenye karatasi ya sifa za simu bendi zote zimeorodheshwa, na hajakudanganya.

Kisha kuna ugomvi wa mawimbi ya marudio. Kikuza mawimbi kinapotuma kwenye masafa fulani, huvuja kidogo kwenye masafa mara mbili ya hayo, na mara tatu. Tuseme simu inapakia kwenye bendi ya 8, megahezi 905. Mara mbili yake ni 1810. Bendi ya 3 inashusha kati ya 1805 na 1880. Simu inajipigia kelele sikioni mwake yenyewe: inapakia kwenye chaneli moja na kuiziba ile nyingine inayoshusha. Dawa yake ni vichujio bora zaidi na mpangilio makini wa njia ndani ya simu. Asiyetaka gharama hiyo huuondoa mseto huo, yaani muungano wa bendi hizo mbili, kwenye orodha ya ile ambayo simu inaruhusiwa kuifanya.

Na orodha ndiyo sababu ya tatu. Simu inapojisajili mnarani huulizwa uwezo wake, nayo hujibu kwa orodha ya miseto ambayo mtengenezaji ameijaribu na kuiruhusu: bendi ya 3 pamoja na 20, ya 3 na 7, na kadhalika. Mnara hautabahatisha nje ya orodha hiyo. Modemu inaweza kuwa na nguvu ya chaneli tatu, vichujio vikawa vizuri, lakini mseto wa kampuni yako haumo, basi unapewa chaneli moja. Ndiyo maana simu ya jina moja huwa na matoleo kadhaa kwa masoko tofauti. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni ya Marekani huja na miseto ya kule, na bendi ya 20 haitumiki Marekani. Ukiinunua iliyotumika pale Kariakoo au Luthuli, itashika 4G ya 1800 vizuri tu, wala hutashuku kitu, lakini mseto wa 3 na 20 huenda haumo. Mara chache sasisho la programu huongeza miseto. Vichujio haliongezi.

Tatizo hili lilianza na huduma yenyewe. SK Telecom ya Korea Kusini waliwasha muunganiko wa chaneli kwa wateja Juni 2013: megahezi 10 kule 850 na 10 kule 1800, jumla Mbps 150. Samsung Galaxy S4 ilikuwa imetoka miezi miwili tu kabla. Haikuweza. Ilibidi Samsung watoe nyingine, Galaxy S4 LTE-A, yenye umbo lilelile na chipu mpya ya Snapdragon 800. Mtu aliyenunua S4 mpya kabisa mwezi wa nne alitembea mjini Seoul chini ya minara inayounganisha, akishusha kwa chaneli moja.

Unachokipata hasa

Turudi kwenye kipimo cha saa nne usiku na alfajiri. Chaneli haiwi mali ya simu yako, mnaigawana wote mlio kwenye mnara huo. Tuseme jioni, watu wakiwa wamejaa mitandaoni, fungu lako kwenye chaneli ya 1800 ni Mbps 18, na kwenye ile ya 800 ni 7. Simu isiyounganisha inapata moja kati ya hayo, na kama uko chumba cha ndani huenda ikawa ni hiyo 7. Inayounganisha inapata 25. Alfajiri minara ikiwa mitupu, 18 inaweza kuwa 90 na 7 ikawa 40, ukaona 130. Kuunganisha hakuongezi masafa hewani hata megahezi moja. Kunakupa ruhusa ya kuchota kwenye chaneli zote mbili chochote kilichobaki.

Kwa hiyo faida yake kubwa huwa pale ambapo chaneli moja imebanwa na nyingine ina nafasi, na ni ndogo pale ambapo zote mbili zimefurika. Kwa kupakia picha na video, usitegemee mabadiliko, maana upakiaji kwa kawaida hubaki kwenye chaneli kuu peke yake. Na kwa WhatsApp ya maandishi hutahisi lolote. Utaihisi kwenye kushusha faili, kwenye video ya ubora wa juu, na zaidi ya yote ukiwasha hotspot kwa kompyuta.

Ukienda dukani

Usimuulize muuzaji kama simu ni 4G Plus, atasema ndiyo. Muulize namba kamili ya toleo, ile yenye herufi na tarakimu, au ingia mwenyewe kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, uisome. Jina la biashara halitoshi. Tafuta mtandaoni toleo hilo pamoja na mseto unaoutaka. Miseto huandikwa hivi:

```
CA_3A-20A
```

Hapo 3 na 20 ni bendi, na herufi A inaonyesha chaneli moja kwenye kila bendi. Ukiona `CA_3C`, ni chaneli mbili zilizopakana ndani ya bendi ya 3, jambo lingine kabisa ambalo litakufaa tu kama kampuni yako ina kipande kirefu cha kutosha kule 1800.

Simu ikiwa imetumika, omba utie laini yako kabla ya kulipa. Washa data, gawa skrini, shusha faili, tazama `SecondaryServing`. Inachukua dakika mbili. Hakikisha tu kwamba umeshaiona chaneli ya pili eneo hilo kwa simu nyingine, la sivyo utaikataa simu nzima kwa kosa la mnara.

Kwa wanaonunua 5G: nyingi za minara ya sasa huiunganisha chaneli ya 5G na ya 4G, na ile ya 4G ndiyo inayobaki kuwa kuu. Utaratibu wa kupima ni huohuo, na orodha ya miseto nayo ipo, ila inakuwa ndefu zaidi kwa sababu lazima itaje bendi za 5G pamoja na za 4G zitakazoshikana nazo. Simu ya 5G isiyo na mseto wa kampuni yako itarudi kwenye 4G hata ukiwa umesimama chini ya mnara wa 5G.